Ukishatembezwa Nyumba, Subiri Ujumbe: Mwongozo kwa Mnunuzi Mgeni wa Kamembe

Ujumbe wa komisioneri huja jioni. Mchana ulikuwa pale, umeona ufa, umepumua ukipanda ngazi za udongo, umeuliza maswali yako mawili na ukajibiwa kwa kicheko. Jioni umekaa nyumbani, chai iko mezani, ufa umeanza kusahaulika na ziwa bado linang'aa kichwani. Hapo ndipo simu inapolia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza Rusizi, hasa Kamembe na kando ya barabara inayoteremka hadi Cyangugu ya chini. Utamfundisha kuupokea ujumbe huo kwa moyo mkunjufu, kuuamini kama inavyostahili, na kuachana na fedha zake bila kumsumbua mtu. Wenye nia nyingine wanaruhusiwa kusoma, mradi wasiharibu biashara za watu.

Tuchukue mfano. Mnunuzi ni mama mwenye duka la vitenge. Nyumba ina vyumba vitatu na sebule, iko kwenye mteremko unaotazama Kivu, na bei iliyotajwa ni faranga milioni 38. Akiwa pale aliuliza mawili tu: mbona bei iko juu, na mbona mahali penyewe pameinama hivi, ziwa chini na mpaka wa Kongo mbele ya macho? Saa mbili usiku akapata ujumbe huu:

"Mama, habari za jioni. Natumaini mlifika salama. Nimeongea na mzee mwenye nyumba juu ya yale mawili uliyouliza. Kwanza bei. Milioni 38 ni bei ya kirafiki, jirani yake ameuza 45 mwezi uliopita. Kuna mtu wa Kigali anakuja Jumamosi na pesa mkononi. Lakini kwa sababu wewe ni mama yetu, mzee amekubali 36 ukileta avansi ya milioni 2 kesho. Pili mahali. Usiogope ziwa, parseli inafika mpaka majini, huo ni utajiri. Mteremko ndio unaleta hewa safi. Mpaka uko karibu, wapangaji hawatakosekana. Na barabara ya lami inakuja, iko kwenye mpango wa mji. Ukubwa ni 20 kwa 30 kama nilivyokuonyesha. Makaratasi yote ni sawa, hati iko benki kwa usalama. Mungu akubariki."

Ni ujumbe mzuri. Una adabu, una mpangilio, umejibu kila kitu. Mnunuzi mwema angemshukuru kijana wa watu, angetuma avansi kwa MoMo kabla ya kulala na kuota bustani ya maua. Kabla hujafanya hivyo, soma tena ukitafuta kitu kimoja tu: ni sentensi ipi hapo mtu anaweza kuithibitisha asubuhi bila kumpigia simu aliyeiandika?

Anza na yule jirani. Kanuni ya mnunuzi mgeni ni kutouliza jirani yupi. Jirani aliyeuza milioni 45 yuko katika kila mtaa wa Kamembe, na hajawahi kuonekana akihama. Mtu wa Kigali naye huja Jumamosi tu, na kila Jumamosi hukwama njiani katika msitu wa Nyungwe. Wawili hao wana kazi moja: kukuondoa kwenye swali lako. Wewe uliuliza nyumba hii ina thamani gani. Umejibiwa watu wengine wana hamu kiasi gani.

Thamani ina njia ya kutafutwa, na haihitaji jirani. Rwanda ina taasisi ya wathamini wa mali isiyohamishika, iliyotokana na sheria ya mwaka 2010, na kazi yake mojawapo ni kutoa bei elekezi za ardhi kwa mita ya mraba, mahali kwa mahali. Bei hizo si kikomo. Sehemu yenye mvuto huuzwa zaidi, na kila mtu anajua. Lakini zinakupa mahali pa kusimamia. Kitu cha pili unachohitaji ni ukubwa wa parseli kama ulivyoandikwa kwenye hati, siyo kama ulivyoonyeshwa kwa kidole kutoka mti wa parachichi hadi ua wa miyenzi.

Tuseme, kwa mfano tu, bei elekezi ya mtaa ule ni faranga 20,000 kwa mita ya mraba. Ujumbe unasema 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, na hesabu ya ardhi inatoka milioni 12. Sasa tuseme hati inasema mita za mraba 420. Ardhi imeshuka hadi milioni 8 na laki 4. Zimepotea milioni 3 na laki 6 katikati ya mparachichi na ua. Tazama tena ule ukarimu wa mzee aliyeshuka kutoka 38 hadi 36 kwa sababu wewe ni mama yao: amekupunguzia milioni 2 kwa mkono wa kulia, na wa kushoto bado umeshika milioni moja na laki 6 za mita zisizokuwepo.

Usikimbilie kumwita mwongo. Mara nyingi komisioneri mwenyewe hajapima. Ameambiwa na mwenye nyumba, naye mwenye nyumba anahesabu kipande alichokuwa akilima tangu zamani, chake au si chake. Komisioneri hulipwa nyumba ikiuzwa, na isipouzwa amepanda na kushuka vilima vya watu bure, labda na ile ada ndogo ya kutembeza. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kutafuta habari mbaya. Ni kazi yako wewe.

Sasa ardhi umeiweka kwenye milioni 8 na laki 4, zilizobaki katika 36 ni bei ya kuta: milioni 27 na laki 6. Nyumba ikiwa na mita za mraba 90 za sakafu, unalipa kama faranga 307,000 kwa kila mita. Mpeleke fundi mwashi unayemwamini, umuulize kujenga nyumba ya aina hii leo kungegharimu kiasi gani kwa mita, kisha umuulize hii imechakaa kiasi gani. Kama kuta ni za rukarakara zilizopakwa saruji na rangi, atakwambia kwa kugonga na kifundo cha kidole. Hapo unalo jambo la kumwambia mzee, na halimhusu mtu wa Kigali hata kidogo.

Twende kwenye mahali, ambapo ujumbe umefanya kazi yake nzuri zaidi. Angalia ustadi: kila kilichokutisha mchana kimerudi jioni kikiwa faida. Ziwa limekuwa utajiri, mteremko umekuwa hewa, mpaka umekuwa wapangaji. Mchana ulipoteza pumzi kwa kupanda. Jioni unatakiwa uilipie.

"Parseli inafika mpaka majini" ndiyo sentensi ya gharama kubwa kuliko zote. Kwa agizo la waziri la Julai 2010, ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ni mali ya umma. Hauwekwi msingi wa nyumba hapo, wala choo, wala ukuta wa uzio. Kwa hiyo mtu anayekuuzia ardhi hadi majini, ama anakuuzia ardhi ya serikali, ama anakuuzia bustani ambayo siku moja atakuja mtu wa wilaya kukuonyesha mwisho wake. Vyovyote vile, usizilipie mita hizo bei ya kiwanja cha kujenga. Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama: simama ukingoni mwa maji, tembea hatua ndefu kuelekea nyumbani, hesabu 50. Ukigonga ukuta wa jikoni kabla hujafika, umekwisha kupata jibu lako la mahali na la bei kwa pamoja. Na zile mita za mraba 180 zilizopungua kwenye hati huenda ukawa umezivuka njiani.

Komisioneri atakwambia, mbona kuna hoteli pale chini zimekaa karibu na maji? Usibishane naye. Hoteli ina vibali vyake na wakili wake. Wewe una ujumbe wa WhatsApp.

Mteremko nao unaleta hewa safi kweli. Unaleta pia maji yote ya walio juu yako. Mnunuzi mgeni hutembezwa siku ya jua, na huridhika. Mnunuzi msumbufu hurudi mwenyewe siku ya mvua, kati ya Machi na Mei au kuanzia Septemba, akasimama nyuma ya nyumba kuona mfereji wa jirani unamwaga wapi. Atazame ukuta wa kuzuia udongo: kama umevimba katikati, au umejengwa bila matundu ya kutolea maji, udongo ulioko nyuma yake unasukuma, na ukuta mpya hauingii kwenye milioni 36.

Kuna sababu nyingine ya kutazama kuta hapa kuliko sehemu nyingi za Rwanda. Tuko kwenye bonde la ufa. Jumapili asubuhi ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lilitikisa Bukavu, Rusizi na Nyamasheke. Hapa Rusizi watu walikufa wakiwa kanisani. Nyumba nyingi zilizosimama baada ya siku ile zilizibwa nyufa na kupakwa rangi. Basi usitazame rangi kwa ujumla wake, tazama kama kuna ukanda mmoja mpya kuliko pengine. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si kitu. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari, unaopitisha ukucha, na mlango wa chumba hicho unakwaruza sakafu ukiufungua, huo ni msingi unaohama. Mchana uliambiwa mlango umevimba kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Ni maelezo mazuri, ila mlango wa chuma hauvimbi.

Mpaka tuupite haraka, maana kila mkazi wa hapa anaujua. Ni kweli kwamba Bukavu ni mji mkubwa ulio ng'ambo ya daraja, na kwamba nyumba za kupangisha Kamembe hula kutokana nao. Lakini Juni 2020, wilaya nyingine zikiwa zinafunguliwa baada ya korona, Rusizi ilifungwa tena. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa M23, na kila aliyekuwa amepanga bajeti yake kwa kodi ya mpangaji wa ng'ambo akaanza kusikiliza redio kabla ya kuamka. Ukinunua ili upangishe, hesabu miezi isiyo na mpangaji. Ujumbe haukuihesabu.

Na barabara. "Barabara ya lami inakuja" ni kweli mara nyingi. Rusizi ni mmoja wa miji sita ya upili ambayo serikali imeipa mipango yake ya kukua, pamoja na Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare, na barabara zinachorwa na kujengwa. Swali ambalo mnunuzi mwema hulikwepa ni: inapita wapi? Barabara inayopita mita 40 kutoka kwako inapandisha thamani. Inayopita sebuleni inakuhamisha. Kwa sheria ya mwaka 2015 utalipwa fidia, pamoja na nyongeza ya asilimia 5 kwa usumbufu, lakini ardhi itathaminiwa kwa zile bei elekezi za wathamini. Haitathaminiwa kwa bei ya yule jirani wa milioni 45. Ulichokilipa zaidi ya hapo kwa sababu ya mandhari ya ziwa, utabaki nacho kama mandhari. Ndiyo maana wasiwasi wako wa bei na wasiwasi wako wa mahali ni wasiwasi mmoja, ingawa ujumbe umeutenganisha katika "kwanza" na "pili" ili kila mmoja ujibiwe na hadithi yake.

Tumefika kwenye sentensi ya mwisho kabla ya baraka, iliyowekwa pale uipite ukiwa tayari unasema amina: "hati iko benki kwa usalama." Tangu mwaka 2023 Rwanda imekuwa ikitoa hati za ardhi za kielektroniki. Hati ya namna hiyo haihitaji kulazwa benki isiibiwe. Na hata ile ya karatasi, benki haina kawaida ya kuwatunzia watu karatasi kwa wema. Hati ikiwa benki, nyumba imewekwa rehani, mzee ana mkopo, na umiliki hauwezi kuhamia kwako mpaka benki iachie. Hilo peke yake halivunji biashara. Watu hununua nyumba zenye rehani kila siku. Ila hununua wakiwa na benki mezani, fedha ikiingia kwanza kwenye deni na barua ya kuachia ikitoka. Hawanunui kwa avansi ya milioni 2 iliyotumwa kwenye namba ya simu ya komisioneri.

Hapo kuna mtego mdogo wa nyongeza, ambao kwa kawaida hauandikwi bali husemwa kwa sauti ya chini: kwenye mkataba tuandike milioni 20, tusaidiane na kodi. Kodi ya mauzo ni ya muuzaji, asilimia 2.5 kama hajasajiliwa kama mfanyabiashara. Anayesaidiwa ni yeye. Wewe, siku mambo yakiharibika na mahakama ikaamuru urudishiwe fedha, mkataba utasema ulilipa 20.

Haya yote, ukubwa, rehani, matumizi yaliyopangwa, yanafunguliwa na namba moja. Kila parseli ya Rwanda ilipewa namba yake katika zoezi kubwa la kuandikisha ardhi lililomalizika mwaka 2013, nayo inaitwa UPI. Ya hapa huanza na 3, Mkoa wa Magharibi, kisha 06, Wilaya ya Rusizi, halafu sekta, seli na parseli yenyewe. Ukiwa nayo unaingia kwenye amakuru.lands.rw, au unaenda ofisi ya ardhi ya sekta kama hupendi simu, na unaona ukubwa ulioandikwa, matumizi ambayo mpango wa mji umeyapangia parseli hiyo, na kama kuna kizuizi juu yake. Tazama ujumbe tena. Una bei mbili, jirani mmoja, mtu wa Kigali, ziwa, hewa, wapangaji, lami na Mungu. Namba hiyo haimo.

Jina la mke wa mzee pia halimo. Nyumba ya wanandoa wenye mali ya pamoja haiuzwi na mmoja. Sahihi zao wote wawili hutakiwa mbele ya notari wa ardhi. Mzee anaweza kuwa mkarimu peke yake jioni, lakini hawezi kuuza peke yake asubuhi. Wengi wamelipa avansi kwa baba na kukutana na mama siku ya notari, mama akiwa anasikia habari za kuuzwa kwa nyumba kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, kama umeamua kuwa mnunuzi msumbufu, usiandike insha wala usimkasirishe kijana. Jibu hivi: "Asante sana mwanangu, tulifika salama. Naomba UPI ya parseli, na jina la benki iliyoshika hati. Mzee na mama wakiwa tayari, tukutane kwa notari wa sekta. Avansi nitaiweka benki hiyo, iingie kwenye deni, tukishasaini. Bei tutaongea nikishaona ukubwa." Usiseme neno juu ya mtu wa Kigali. Mwache aje Jumamosi.

Kisha tazama saa. Komisioneri mwenye nyumba safi hutuma namba hiyo papo hapo, maana anayo kwenye simu, na wanunuzi wengine wameshamwomba. Yule mwingine hatatuma namba. Atapiga simu, na atakuwa na maelezo marefu. Mwambie atakuta majibu yako kwenye maandishi, na usitume chochote mpaka UPI ifike.